Sifuri Niliyoipa Nguzo ya Bibi

Mjomba alinipigia simu wakati nasahihisha mitihani, na kusema kweli sikupendezwa kukatizwa. Mimi nafundisha nguvu za majengo katika chuo kimoja cha ufundi Kilifi, na msimu wa mitihani hunigeuza mwanamke wa hasira. Mwanafunzi wa ishirini akikosea lilelile alilokosea wa kwanza, nami huanza kumchukia hata aliyepatia. Nikapokea simu kwa sauti ya mtu anayetaka kuulizwa haraka aachwe.

Mjomba, kaka yake mama, hakuwa na haraka. Aliniuliza habari za nyumbani, za kazi, za joto la Kilifi, kisha ndipo akafika. Binti yake alikuwa anaolewa, hilo nalijua. Siku ya kupamba, ile sherehe ya wanawake ya kumtoa bibi arusi, ingefanyiwa nyumbani kwao Barani, Malindi, na Bibi ameshikilia ifanyiwe juu, kwenye roshani.

Bibi ni mama yao, yeye Mjomba na marehemu mama yangu. Anaishi ghorofani, na hajashuka tangu alipovunjika nyonga. Ngazi za nyumba ile ni nyembamba, zina kona kali katikati, na mara ya mwisho walipomshusha kumpeleka hospitali alizimia kwa maumivu pale konani. Daktari akasema asibebwe tena ila pakiwa na jambo la kufa na kupona. Bibi arusi amelelewa na Bibi huyohuyo tangu mama yake afariki naye yungali wa kunyonya. Na Bibi mwenyewe, enzi zake, ndiye aliyekuwa akiongoza vugo, ngoma ya wanawake ya kugonga pembe, katika nyumba za watu. Ametoa mabibi arusi wa nusu ya Malindi, amewaimbia na kuwapigia vigelegele, na wa kwake mwenyewe alikuwa bado anamsubiri.

Chumba chake kina mlango mpana unaofungukia roshani. Mpango wake ulikuwa mwepesi: bibi arusi akalishwe ukingoni mwa roshani, wanawake wajae pale, milango iwe wazi, naye aone yote kutoka kitandani.

“Sasa wewe ndiye mwenye elimu yake,” Mjomba akasema. “Itabeba?”

Nilimwambia anipimie. Mtu yeyote mwenye akili angepanda gari akaenda kutazama, maana kutoka Kilifi hadi Malindi si safari ya kufunga mizigo. Mimi nilimwambia apime kwa futikamba. Akapima kweli, maskini, anapumua kwenye simu huku akipanda na kushuka. Roshani inabebwa na boriti tatu za chuma. Kila moja imezama ndani ya sakafu ya zege ya nyumba, ikashikwa barabara, na ncha yake ya nje imeegemezwa nguzo ya bomba. Kutoka ukutani hadi nguzo ni mita tatu. Akanipa kimo cha chuma, upana wake, unene wa sakafu, nafasi kati ya boriti na boriti. Nikachukua karatasi ya mtihani iliyobaki tupu nikageuza.

Boriti ya namna hii wanafunzi wangu hawaipendi, na naelewa kwa nini. Boriti ya kawaida unaiuliza maswali mawili: nguvu za juu na za chini zilingane, na nguvu za kuizungusha zilingane. Ukijibiwa hayo mawili umemaliza. Hii ya kwetu ina mambo matatu yasiyojulikana: ukuta unabeba kiasi gani, ukuta unaikunja boriti kwa kiasi gani, na nguzo inabeba kiasi gani. Maswali mawili hayafungui mafumbo matatu. Inabidi uulize swali la tatu, nalo si la uzito tena, ni la umbo: boriti imeshuka wapi, na haikushuka wapi?

Kwa hiyo unaiondoa nguzo, kwa fikira tu. Boriti inabaki imening’inia kutoka ukutani, na chini ya mzigo wake ncha inashuka. Kushuka huko kumeandikwa kwenye majedwali yetu, hakuna haja ya kukokotoa upya: uzito wa kila mita, mara urefu kwa kipeo cha nne, gawanya kwa nane na kwa ugumu wa chuma. Kisha unauondoa mzigo, unairudisha nguzo peke yake, inaisukuma ncha juu. Kupanda huko nako kumo jedwalini: nguvu ya nguzo, mara urefu kwa kipeo cha tatu, gawanya kwa tatu na kwa ugumu uleule. Mambo hayo mawili hayakutokea peke yake hata siku moja, lakini ukiyajumlisha unapata kilichotokea. Kushuka toa kupanda ni sawa na pale ncha ilipo kweli. Na kwa kuwa nguzo imesimama, ncha haikwenda popote.

Hapo ndipo nilipoandika sifuri.

Ukishaandika sifuri, hesabu inajimaliza yenyewe. Ugumu wa chuma unajifuta pande zote mbili, na unabaki na jibu ambalo kila mhandisi analo kichwani: nguzo inabeba sehemu tatu katika nane za mzigo, ukuta sehemu tano. Kule ukutani, nguvu ya kuikunja boriti inakuwa robo tu ya ile ambayo ingekuwepo bila nguzo. Nikaweka uzito wa sakafu, nikaweka umati wa wanawake waliobanana bega kwa bega, nikalinganisha na chuma. Chuma kilikuwa na nafasi ya kutosha, tena ya kujivunia.

Nikampigia. Nikasema itabeba, bila wasiwasi. Mjomba akafungua spika Bibi asikie, nikasema tena. Nilimsikia akicheka kule kitandani, kicheko ambacho sikuwa nimekisikia tangu aumie. “Mungu akuweke, mwanangu,” akasema. “Umenitoa nje.” Nikarudi kwenye mitihani yangu nikiwa na moyo mweupe, na naona haya kusema kwamba siku ile nilisahihisha kwa ukarimu.

Kuanzia hapo roshani ikawa ndiyo harusi. Bibi alimwambia kila aliyemtembelea. Alitaka leso yake ya zamani itolewe sandukuni ifukizwe udi, alitaka kujua asumini zitatoka kwa nani, alitaka mlango upakwe mafuta usipige kelele. Shangazi mmoja alinipigia kuniambia kwamba siku hizi Bibi anakula vizuri. Alinishukuru. Nikazipokea shukrani hizo zote.

Nilifika Malindi siku mbili kabla ya kupamba. Nikapanda kwanza kwa Bibi, nikampa shikamoo, akanijibu marahaba na kunishika mkono asiniachie. Alinionyesha kitanda kilivyosogezwa, mto ulivyoinuliwa, akanilaza pale nijionee mwenyewe kwamba ukilala hivyo unaiona roshani yote. Nikalala. Ni kweli, inaonekana yote. Alikuwa ameshaamua bibi arusi atakalia wapi, akaninyooshea kidole.

Nikashuka na sahani ya chai kuipeleka jikoni, na kwa mazoea ya kazi nikatupa jicho juu nilipopita chini ya roshani. Nguzo ya kati ina bamba la chuma kichwani, na boriti inapaswa kukaa juu ya bamba hilo. Kati ya boriti na bamba niliona mwanga. Niliona rangi ya buluu ya ukuta wa jirani, mstari mwembamba, safi kabisa.

Nikaweka sahani chini. Nikavuta kiti, nikapanda, nikatia kidole. Kiliingia.

Nguzo ile ilikuwa imesimama pale miaka yote, imepakwa rangi, imenyooka, na haibebi kitu. Boriti ya kati ndiyo inayobeba sakafu nyingi kuliko zile za pembeni, nayo ilikuwa imening’inia kutoka ukutani kama kwenye ile nusu ya kwanza ya hesabu yangu, ile tunayosema ni ya fikira tu.

Tukamwita fundi wa mtaani. Alichoma nondo kando ya mguu wa nguzo, ikazama kama kwenye uji. Mjomba akakumbuka kwamba shimo la maji machafu la zamani lilikuwa hapo, likafunikwa walipochimba jipya. Kifuniko kilikuwa kimeoza, udongo unaingia ndani kidogo kidogo, na nguzo inaufuata. Zile za pembeni zilinusurika kwa kuwa ziko mbali. Nikauliza kama tunaweza kusimamisha mirunda ya miti ya muda. Fundi alinitazama akaniuliza nitaisimamisha juu ya nini, naye alikuwa na haki ya kuuliza. Lazima shimo lifukuliwe, lijazwe, msingi umwagwe, zege lipewe siku zake likomae. Ni kazi ya wiki mbili na ushei. Wiki mbili na ushei tulikuwa nazo, siku ile Mjomba aliponipigia. Mimi ndiye niliyezitumia.

Nikakaa ngazini nikafanya hesabu upya, nyuma ya kadi ya mwaliko. Kila kitu ni kilekile mpaka ufike kwenye alama ya sawa. Mwanzo niliandika sifuri baada yake, kana kwamba ncha haiwezi kushuka hata kidogo. Sasa ilibidi niandike ule mwanya, kwa sababu boriti lazima ishuke kiasi hicho kwanza ndipo iguse nguzo. Uzito wa sakafu yenyewe ulikuwa umeshabebwa na ukuta peke yake, na chuma kilikuwa kimetumia zaidi ya nusu ya nguvu zake kabla hajaingia mgeni hata mmoja. Umati ungeishusha ncha milimita ishirini na sita zaidi kama hakuna nguzo. Mwanya ulikuwa milimita kumi na mbili. Kwa hiyo nguzo ingelala tu mpaka hizo kumi na mbili ziishe, halafu ingezuia zile kumi na nne zilizobaki. Nguvu ya nguzo ikatoka theluthi ya ile niliyoiahidi. Na pale ukutani, kukunjwa kwa boriti kukawa mara tatu ya nilivyoandika Kilifi, kumepita pale ambapo chuma kikikunjika hakirudi. Na hapo nimeichukulia nguzo haizami zaidi, na wanawake wamekaa kimya hawapigi vugo.

Nilirudia hesabu nikitumaini nimekosea. Sikukosea.

Mjomba hakunigombeza, na afadhali angenigombeza. Alianza kujadiliana. Je, wakiingia kwa zamu? Je, nusu yao? Je, wazee tu, wasiocheza? Kila alipotaja idadi nilitikisa kichwa. Nilikuwa nimesema ndiyo mara moja nikiwa nimekaa Kilifi, na sasa neno ndiyo lilinitisha mdomoni.

“Hata mtu mmoja?” akauliza.

“Hata mmoja,” nikasema, na nikaenda mwenyewe kufunga komeo la mlango wa roshani.

Nilimwomba yeye amwambie Bibi. Akasema, kwa upole ambao ulinichoma, kwamba aliyepeleka habari ya kwanza ndiye mwenye habari hii pia. Nikapanda. Bibi alikuwa amesikia nondo ikigongwa chini, alikuwa ananisubiri.

“Si ulisema itabeba?”

“Nilisema, Bibi.”

“Nguzo imevunjika?”

“Haijavunjika. Haigusi boriti. Mimi nilidhani inagusa.”

“Hukuja kutazama,” akasema. Hakuuliza.

“Sikuja.”

Kisha akasema leso irudishwe sandukuni, maana kitandani mtu havai leso ya harusi. Niliikunja mwenyewe. Ilinuka udi, na mikono yangu ilikuwa haifai kuigusa.

Kupamba kukahamishiwa uani. Uani pale ni pakubwa, watu wakatandaza mikeka, wakajenga jukwaa la bibi arusi kwenye ukuta wa upande wa pili, wakafunga turubai kuficha macho ya majirani. Nguzo ya kati na shimo lake tukavizungushia mapipa, pasikanyagwe. Kwa wote waliokuja, jambo lilikuwa limesawazishwa vizuri sana. Hata nilisikia mmoja akisema uani kuna hewa zaidi.

Bibi arusi alipanda kumwona Bibi mapema mchana, kabla ya kupambwa, akapiga magoti, akasomewa dua, wakalia kidogo wote wawili. Basi kumwona alimwona. Lakini kumwona mtoto si kumwona akitolewa. Bibi alitaka kumwona akiingia kafunikwa, wanawake wakimwimbia, kisha afunuliwe mbele yao. Hilo ndilo alilowafanyia wa wenzake. Na picha zisingekuwepo, kwa kuwa upande wa bwana arusi walikuwa wameomba simu zote ziachwe mlangoni, kama desturi ilivyo sasa, na zilikuwa zimeshajaa kikapu kizima.

Alasiri ilipoanza kupoa nikapanda kukaa naye. Sikuwa na uso wa kukaa chini na wengine. Chumba kilikuwa nusu giza kwa ule mlango uliofungwa. Amekaa kwenye kiti chake cha magurudumu karibu na kitanda, maana kutoka kitandani hadi kitini anaweza akishikwa, na amegeuka kuelekea mlangoni. Pembe za vugo zikaanza chini. Vidole vyake vikafuata mdundo kwenye mkono wa kiti. Mara moja aliguna, nikamuuliza kuna nini, akasema wamekosea kuingia, yule anayeongoza ana haraka.

Nikasimama dirishani. Kutoka dirisha lile huoni ua. Unaiona sakafu ya roshani, tupu, imefagiliwa, halafu ukingo wake, halafu mbingu. Roshani ileile ndiyo inayoziba. Mtu aliyeko ukingoni angeona kila kitu.

Na hapo, nimesimama sina la kufanya, kichwa changu kikaanza kazi yake chenyewe. Watu wawili. Si umati, wawili tu, mmoja ni kizee mwepesi kama kifuko cha pamba, wameketi karibu na ncha. Jedwali lina jibu la hilo pia, la uzito uliokaa mahali pamoja. Unajumlisha na kile kilichoko tayari, uzito wa sakafu, hakuna zaidi. Nikafanya kichwani, nikafanya tena kwa kidole kwenye vumbi la dirisha. Ncha ingeshuka milimita mbili na kidogo. Tusingefika hata kuigusa nguzo. Ukutani chuma kingesikia kidogo tu juu ya mzigo kiliouzoea, na kingebaki na nafasi kubwa.

Hata mtu mmoja, niliulizwa, nami nikajibu hata mmoja, na sikuwa nimefanya hesabu ya mtu mmoja. Lile neno ndiyo nililisema kwa uvivu, na hili neno hapana nililisema kwa woga, na yote mawili niliyavalisha elimu. Siku mbili nzima mwanamke huyu amekaa na mlango uliofungwa kwa neno ambalo sikulipima.

Nikampigia magoti mbele ya kiti. Nikamwambia kwamba mimi na yeye tunaweza kutoka. Nitakisukuma kiti mpaka ukingoni, nitakaa naye, nimeshapiga hesabu, ni salama. Nilikuwa naongea haraka kama mtoto. Chini pembe zilikuwa zimebadilika, bibi arusi alikuwa karibu kutolewa.

“Wawili tu?” akauliza.

“Wawili tu, Bibi.”

“Na wakiniona?”

Sikumwelewa.

“Nikitokea pale ukingoni, hakuna mwanamke humo uani atakayekaa kitako. Watapanda wote kunipa mkono. Wengine nimewatoa mimi, wataacha kuja? Utasimama mlangoni uwaambie nini, kwamba sakafu yanijua mimi, wao haiwajui?”

Nilikuwa na picha yao wazi kabisa, wakikimbia ngazini na mabuibui yao, wakicheka, wakijaza roshani ile kwa mapenzi tu. Ningewafungia mlango kwa nje, nikasema. Ningesimama mimi.

“Wewe mjomba wako mmoja hukuweza kumzuia kwenye simu,” akasema, wala hakusema kwa ubaya. “Umeshasema hapana mbele ya watu. Iache iwe hapana.”

Nikabaki nimepiga magoti. Nilitaka anikasirikie. Nilitaka aseme neno moja la kuniumiza ili tulingane, na hakusema. Aliweka mkono kichwani kwangu, kisha akausukuma kidogo, kama unavyomsukuma mtoto aende dukani.

“Nenda chini. Nenda kaniangalilie, kisha uje unambie.”

Nikashuka mbio. Nilifika uani wakati bibi arusi anaingizwa, kafunikwa leso kutoka kichwani, shangazi wawili wamemshika mikono. Wanawake wote walisimama. Nikasogea kando, nikapata nafasi karibu na mapipa, nikaambiwa nisogee zaidi nisizibe, nikasogea mpaka nikawa chini ya roshani kabisa. Vugo likapanda. Walimkalisha, wakakizunguka kiti mara kadhaa, wakaimba ule wimbo wa kufunua.

Kisha kutoka juu, nyuma ya mlango uliofungwa, kikaja kigelegele. Kilikuwa kimoja tu, kirefu, kikavu kidogo mwanzoni kisha kikasafika. Kila mtu alikijua. Uani pote wakageuza nyuso juu kuitazama roshani isiyo na mtu, na mara moja niliwaza: sasa watapanda. Niliinua macho kwenye kichwa cha nguzo, kwenye ule mstari wa buluu, na sikuyatoa hapo. Nilikuwa nautazama mwanya kuona kama utapungua, nasikiliza ngazi kama kuna miguu. Hakuna aliyepanda. Wanawake walikijibu kigelegele kwa vigelegele vyao, kwa muda mrefu, na mwanya haukubadilika hata unywele. Nilipogeuka, bibi arusi alikuwa ameshafunuliwa, na halwa imeanza kupita.

Nikapanda tena. Bibi alikuwa ameegemea kitini, amechoka, macho yanang’aa. Aliniashiria nikae karibu.

“Haya,” akasema. “Alipofunuliwa, alitazama wapi?”

Wakati huo mimi nilikuwa nautazama mwanya. Nikasema alipendeza, Bibi, alipendeza sana, watu wote walisema hivyo.

Alinisubiri kidogo, kuona kama kuna lililobaki.

“Sikukuuliza kama alipendeza,” akasema, na akageuza kiti chake polepole, mwenyewe, kuelekea kitandani.